Mzizi Unaopumua kwa Jani: Mpunga, Tope la Jaruba na Wali wa Mlaji

Mchele unaouzwa katika maduka ya Keko, kuanzia Magurumbasi hadi Machungwa, huletwa kutoka mabonde ya mbali: Kilombero, Usangu, Kyela na Shinyanga. Sehemu kubwa ya mchele huo umetokana na mpunga uliosimama ndani ya maji kwa majuma mengi, mizizi yake ikiwa imezama katika tope lisilo na oksijeni. Mhindi ukiwekwa katika hali hiyo huanza kunyauka baada ya siku chache. Mpunga hustawi.

Makala haya yanaeleza jinsi mpunga unavyoweza kuishi hivyo, na jinsi maji yanavyobadili kemia ya udongo unaoulisha. Mambo hayo mawili hayawahusu wakulima peke yao. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, mzazi wa mtoto anayeharisha na mgonjwa wa figo huuliza kliniki swali lilelile: nile nini? Wali karibu daima umo katika jibu. Kilichomo ndani ya punje ya mchele, na kilichokosekana ndani yake, kiliamuliwa miezi kadhaa kabla, pale jaruba lilipojazwa maji.

Kwa nini maji huua mizizi

Mzizi ni kiungo hai. Seli zake huvunja sukari ili kupata nguvu ya kufyonza maji na madini, na kazi hiyo huhitaji oksijeni sawasawa na seli za mwanadamu. Katika shamba la kawaida, oksijeni hupita katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembechembe za udongo. Mvua ikinyesha kwa wingi na maji yakasimama, nafasi hizo hujaa maji, na hapo ndipo taabu huanza.

Sababu ya taabu hiyo ni mbili. Kwanza, maji hubeba oksijeni kidogo. Katika joto la nyuzi 25, lita moja ya maji yaliyoshiba hewa ina miligramu 8 hivi za oksijeni, ilhali lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 250. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Bakteria wa udongo nao hupumua na kuitumia oksijeni iliyobaki. Katika udongo wenye mboji na joto kama la mabonde yetu, oksijeni yote huweza kuisha katika muda wa siku moja au mbili baada ya mafuriko. Inabaki katika tabaka jembamba tu la juu, la milimita chache, linalogusana na maji yenye hewa.

Mzizi unaokosa oksijeni hulazimika kuvunja sukari bila hewa. Wahudumu wa afya wanalijua jambo hili kwa mgonjwa aliye katika mshtuko: tishu zake zikikosa oksijeni huzalisha asidi ya laktiki, na kipimo chake katika damu hupanda. Mmea nao huanza na asidi ya laktiki kidogo, kisha hugeukia kutengeneza alkoholi, ambayo hupenya na kutoka nje ya seli kwa urahisi. Hata hivyo, hasara ni ileile. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa kwa oksijeni hutoa takribani molekuli 30 za ATP. Ikivunjwa bila oksijeni hutoa 2 tu. Mzizi wa mhindi hauwezi kuishi kwa kipato hicho. Huacha kufyonza, majani ya chini huwa ya njano, na ncha za mizizi hufa. Ndiyo maana mhindi uliozama katika bonde la mto baada ya mvua za masika huonekana una kiu, ingawa umesimama ndani ya maji.

Njia ya hewa kutoka jani hadi ncha ya mzizi

Mpunga haujatatua tatizo hili kwa kuzoea kuishi bila oksijeni. Umelitatua kwa kuisafirisha oksijeni kutoka juu. Ndani ya majani, ala za majani, shina na mizizi yake kuna tishu iitwayo erenkima, yaani tishu yenye mianya mirefu ya hewa iliyoungana. Ukikata mzizi mkubwa wa mpunga kwa wembe na kuutazama kwa lenzi, utaona duara la nje, kiini cha katikati, na kati yao nyuzi nyembamba zinazoungana kama spoki za baiskeli. Nafasi zilizo kati ya spoki hizo hazina maji. Zina hewa.

Mianya hiyo hutengenezwa kwa kifo. Seli za tabaka la kati la mzizi hufa kwa utaratibu uliopangwa, zikajivunja zenyewe na kuacha uwazi. Kuta zilizosalia ndizo spoki tunazoziona. Kichocheo kimojawapo ni etilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zilizofunikwa. Mmea huizalisha daima kwa kiasi kidogo, na katika udongo mkavu hutoweka hewani. Udongo ukijaa maji, etilini haiwezi kutoka upesi, hujikusanya ndani ya mzizi na kuziamuru seli zaidi zife. Mhindi pia huweza kufanya hivyo, lakini huanza baada ya kuzama, na wakati huo umechelewa. Mpunga huwa na erenkima hata kabla ya maji kuja. Maji huiongeza tu.

Ndani ya mianya hii oksijeni husafiri kwa mwendo wa hewa badala ya mwendo wa maji. Huingia kupitia majani yaliyo juu ya maji, hushuka katika shina, hufika kwenye mizizi na kuendelea hadi nchani. Mchana hali huwa nzuri zaidi, kwa kuwa majani yenyewe hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua.

Lakini bomba lenye matundu halifikishi maji mwisho wa mtaa. Oksijeni inayoshuka ingeweza kuvuja pembeni ikaishia katika tope kabla ya kufika nchani, mahali ambapo seli mpya zinazaliwa na mahitaji ni makubwa. Mwanasayansi William Armstrong wa Uingereza alikuwa miongoni mwa walioonyesha, kwa kupima, kwamba mzizi wa mpunga hauvuji sawasawa katika urefu wake. Sehemu ya juu ya mzizi, ile iliyo karibu na shina, hujijengea ukuta wenye mafuta mazito yanayofanana na ya gamba la mti, na ukuta huo huzuia oksijeni isitoke. Sehemu ya ncha na vijizizi vidogo huachwa wazi. Hivyo oksijeni hubanwa hadi mwisho wa bomba, kisha hutolewa kidogo kidogo pale inapohitajika.

Uwezo huu una mpaka wake. Erenkima ni njia, na njia huhitaji mlango. Maji yakipanda hadi kuyafunika majani yote, mlango umefungwa. Mbegu za kawaida zikizama kabisa kwa juma moja au mawili huweza kufa, hasa maji yakiwa na matope yanayozuia mwanga. Mkulima wa Kilombero anapotazama mto ukifurika hahofii maji kwenye mizizi. Anahofia maji juu ya majani.

Kinachotokea ndani ya tope

Sasa tutoke ndani ya mzizi tuingie katika udongo. Bakteria wa udongo hawafi wote oksijeni inapokwisha. Wengi wao hubadili kitu wanachokitumia badala yake, na hufuata utaratibu ambao haupindukii ovyo: kwanza kile kinachowapa nguvu nyingi, kisha kinachofuata. Msomi aliyeupanga utaratibu huu vizuri ni F. N. Ponnamperuma, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga huko Ufilipino. Andiko lake la mwaka 1972 kuhusu kemia ya udongo uliozama bado linasomwa na wataalamu.

Baada ya oksijeni, zamu ni ya naitreti, ambayo bakteria huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayopotea hewani. Hapa kuna hasara ambayo mkulima huilipia fedha. Akimwaga mbolea ya urea juu ya maji, sehemu yake hugeuka naitreti katika lile tabaka jembamba la juu lenye oksijeni. Naitreti hiyo hushuka hatua chache chini, huingia katika tope lisilo na hewa, nayo hutoweka kama gesi. Ndiyo sababu wataalamu hushauri urea ifukiwe sentimita 7 hadi 10 ndani ya tope, mahali ambapo itabaki katika umbo la amonia ambalo mpunga hulipenda.

Naitreti ikiisha, zamu ni ya manganizi, kisha chuma. Hapa ndipo mabadiliko makubwa yanapoonekana kwa macho. Udongo mwekundu au wa kahawia hupata rangi yake kutokana na kutu ya chuma, ambayo haiyeyuki katika maji. Bakteria wakiitumia kutu hiyo badala ya oksijeni, chuma hugeuka kuwa aina inayoyeyuka. Udongo hupoteza wekundu wake ukawa wa kijivu au wa kijani iliyofifia, na maji yaliyomo ndani ya tope hujaa chuma. Mabadiliko haya hula asidi ya udongo, hivi kwamba udongo uliokuwa na asidi nyingi hupoa na kukaribia hali isiyo asidi wala besi katika majuma machache. Fosforasi iliyokuwa imeng'ang'aniwa na kutu nayo huachiwa. Kwa mpunga, hizi ni neema mbili ambazo maji huzileta bila malipo.

Maji yakizidi kukaa, zamu hufikia salfeti, ambayo hugeuzwa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Mwisho wa foleni ni bakteria wanaotengeneza methani. Gesi hiyo hupanda kwa kutumia njia ileile ya erenkima iliyoishusha oksijeni. Sehemu kubwa ya methani ya majaruba hutoka hivyo, na sehemu ndogo hutoka kama mapovu.

Ganda la kutu linalouzunguka mzizi

Chuma kilichoyeyuka ni chakula kikiwa kidogo na ni sumu kikizidi. Mpunga hujilinda kwa oksijeni ile inayovuja kutoka ncha za mizizi na vijizizi vyake. Chuma kinapoukaribia mzizi na kukutana na oksijeni, hugeuka tena kuwa kutu na kuganda juu ya ngozi ya mzizi. Ng'oa shina la mpunga uliokomaa, lioshe taratibu, nawe utaona mizizi michanga ikiwa myeupe na mizizi mikubwa ikiwa imevaa koti la rangi ya machungwa. Koti hilo ni dalili ya afya: linaonyesha kwamba oksijeni inafika.

Dalili za ugonjwa ni tofauti. Mizizi myeusi yenye harufu ya yai viza inaonyesha kwamba oksijeni haitoshi na salfaidi imeshinda. Madoa madogo ya rangi ya kahawia yanayoanzia kwenye ncha za majani ya chini, kisha jani zima likawa kama shaba, ni dalili ya chuma kilichozidi. Hali hiyo hutokea hasa pale ambapo maji yenye chuma huchuruzika kutoka vilimani na kukusanyika bondeni. Dawa yake ya kwanza ni kuyaondoa maji kwa muda ili hewa iingie.

Mgonjwa mwenye upungufu wa damu angeweza kuuliza: ikiwa mpunga umeogelea katika chuma miezi mitatu, mbona wali hauongezi damu? Jibu limo katika koti hilo la kutu na katika mashine ya kukobolea. Mmea hukizuia chuma kisiingie kupita kiasi, na kiasi kidogo kinachofika kwenye punje hukaa zaidi katika tabaka la nje linaloondolewa na kuwa pumba. Mchele mweupe hubaki na chuma kidogo sana. Kwa hiyo anayemshauri mgonjwa huyo amwelekeze kwenye mboga inayoambatana na wali: dagaa, nyama, maini, maharage, na tunda lenye vitamini C la kusaidia ufyonzaji.

Zinki nayo ina kisa chake. Tofauti na chuma, zinki huwa ngumu kupatikana udongo ukizama, na mpunga huweza kudumaa kwa kuikosa katika majuma ya kwanza baada ya kupandikizwa. Punje huweza pia kuwa na zinki kidogo. Mtoto anayelishwa uji wa mchele au wali mtupu siku nyingi hapati zinki ya kutosha, na mtoto huyo akiharisha, vidonge vya zinki vinavyotolewa pamoja na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini visikatizwe kwa sababu tu kuhara kumekoma. Vimalizwe kwa siku zote zilizoandikwa.

Arseniki na kadimiamu: mizani yenye pande mbili

Kutu ya chuma katika udongo haishiki fosforasi peke yake. Hushika pia arseniki, pale inapokuwapo. Udongo mkavu huifunga arseniki kwenye kutu. Udongo uliozama huyeyusha kutu na kuiachia arseniki. Zaidi ya hayo, arseniki iliyoachiwa hugeuka kuwa umbo ambalo kwa ukubwa na chaji linafanana na silika iliyoyeyuka. Mpunga ni mlaji mkubwa wa silika, kwani ndiyo inayoyafanya majani yake yawe makali na shina lake lisimame. Mwaka 2008 Jian Feng Ma na wenzake walionyesha kwamba arseniki huingia katika mzizi wa mpunga kwa milango ileile ya silika. Mmea haudanganyiki kwa uzembe. Hauna njia ya kuvitofautisha.

Kwa upande mwingine wa mizani iko kadimiamu. Katika tope lililozama, kadimiamu hushikamana na salfaidi na kuwa mashapo yasiyoyeyuka. Maji yakiondolewa na hewa ikaingia, mashapo hayo huvunjika na kadimiamu huwa huru kuingia katika mzizi. Wajapani walilijua hili kwa machungu. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, taka za mgodi zilichafua maji ya majaruba, na walaji wa mchele huo, hasa wanawake wa makamo, walipata ugonjwa wa figo na mifupa laini inayovunjika kwa maumivu makali. Serikali ya Japani ilikiri mwaka 1968 kwamba kadimiamu ndiyo iliyosababisha. Baadaye wakulima wa maeneo yenye kadimiamu walishauriwa wayaweke maji jarubani kwa majuma matatu kabla na majuma matatu baada ya mpunga kutoa masuke, wakati ambapo punje hujijaza.

Maji mengi, basi, hupunguza kadimiamu na kuongeza arseniki. Ukavu hufanya kinyume. Hakuna usimamizi mmoja wa maji unaofaa kila shamba. Katika Mkindo, wilayani Mvomero, mkoani Morogoro, wakulima na watafiti wamejaribu kilimo shadidi cha mpunga, ambamo jaruba huachwa likauke kidogo kisha kujazwa tena. Njia hii huokoa maji, hupunguza methani na hupunguza arseniki. Bomba lenye matundu huzikwa shambani, na maji hurudishwa yakishuka sentimita 15 hivi chini ya uso wa udongo. Lakini anayetaka kuifuata karibu na mgodi au dampo apime kwanza udongo wake kwa kadimiamu.

Ndoo mbili za kuthibitisha

Mambo haya yanaweza kuonekana kwa macho Keko kwenyewe, katika shule au kituo cha afya, bila maabara. Chukua ndoo mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, ujaze kila moja udongo mwekundu uliochanganywa na mkono mmoja wa majani makavu yaliyosagwa. Panda mahindi katika moja na mpunga katika nyingine, umwagilie kwa kiasi hadi mimea ifikie juma la tatu. Kisha jaza maji katika ndoo zote mbili hadi yasimame sentimita 3 juu ya udongo. Funika kila ndoo kwa kipande cha chandarua kilichofungwa vizuri, kwa kuwa maji yaliyosimama ni kitalu cha mbu, na Dar es Salaam imekwisha kuonja milipuko ya homa ya dengi, ikiwamo ya mwaka 2014 na 2019.

Katika siku za mwanzo hutaona tofauti. Kabla ya juma kwisha, mhindi huanza kuwa wa njano chini ilhali mpunga haujali. Baada ya juma moja au mawili, tazama ubavuni mwa ndoo: wekundu wa udongo umefifia na kuwa kijivu, isipokuwa ukanda mwembamba wa juu unaobaki wa kahawia. Bonyeza udongo kwa kijiti, mapovu yatatoka. Ukipata bahati mzizi wa mpunga ukapita ukigusa plastiki, utaona mstari mwembamba wa rangi ya kutu ukiuzunguka katikati ya tope la kijivu. Mstari huo ni oksijeni ya jani, iliyoshuka kwa erenkima na kukigandisha chuma. Mwisho chota maji ya ndani ya tope kwa sirinji isiyo na sindano, uyaweke katika glasi: yatatoka maangavu, na baada ya kukaa hewani saa kadhaa yatakuwa na rangi ya chai. Chuma kimerudi kuwa kutu.

Kutoka jarubani hadi sufuriani

Kwa mlaji wa Keko, maarifa haya hayamwambii aache wali. Yanamwambia ni wapi hatari inaweza kuwapo na ni kiasi gani. Kamati ya Kodeksi, inayoweka viwango vya chakula duniani, imeweka kikomo cha miligramu 0.2 za arseniki isokaboni kwa kilo moja ya mchele mweupe. Mtu anayekula gramu 150 za mchele mkavu kwa siku, ukiwa umefikia kikomo hicho, hupata mikrogramu 30. Sasa tuseme mchele huohuo umepikwa kwa mililita 300 za maji ya kisima yenye mikrogramu 50 kwa lita, na maji yote yakakaukia katika wali. Hapo ameongeza mikrogramu 15 kutoka kwenye maji peke yake, bila kuhesabu anayokunywa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Ziwa Viktoria visima vilivyozidi kiwango hicho vimepimwa. Hivyo, kwa familia iliyohamia mjini kutoka huko, au inayopeleka mchele huko, swali la kwanza liwe juu ya maji, ndipo lifuate la mchele.

Pale ambapo arseniki inashukiwa, upishi husaidia. Chemsha mchele dakika 5 katika maji mengi safi, mwaga maji hayo, kisha ongeza maji mapya na umalizie kwa moto mdogo hadi yakauke. Kwa mchele mweupe njia hii huondoa zaidi ya nusu ya arseniki. Ina gharama yake: sehemu ya vitamini za kundi B, na virutubishi vilivyoongezwa katika mchele uliorutubishwa, humwagwa pamoja na maji. Na ikiwa maji yenyewe ndiyo yenye arseniki, kuchemsha hakuiondoi. Kunayapunguza maji na kuikusanya zaidi. Kwa familia isiyo na sababu ya kushuku, upishi wa kawaida unatosha.

Watoto wadogo wanastahili uangalifu wa ziada, kwa sababu hula kingi kulingana na uzito wao na mara nyingi uji wao ni wa nafaka moja. Kubadilisha mchele na mahindi, mtama, ulezi au viazi katika juma hupunguza kila kinachotoka jarubani, kiwe arseniki au kadimiamu, na huongeza chuma na zinki ambavyo mchele mweupe hauna vya kutosha. Mgonjwa wa figo asifanye badiliko hilo peke yake, kwa kuwa nafaka zisizokobolewa na viazi vina potasiamu na fosforasi nyingi zaidi. Aulize kwanza kliniki anakotibiwa.

Mhudumu anayechukua historia ya mgonjwa mwenye ngozi ya viganja iliyokuwa ngumu na yenye vinundu, madoadoa meusi na meupe mwilini, au ganzi ya miguu isiyoelezeka, aongeze maswali matatu kwenye yale ya kawaida: umeishi wapi miaka kumi iliyopita, ulikunywa maji ya chanzo gani, na mchele wako ulilimwa wapi. Majibu yakielekeza kwenye eneo la machimbo, sampuli ya maji na ya mkojo ina thamani zaidi ya dawa ya kupaka.